Laki Moja ya Mteja Iandikwe Wapi?

Bidhaa yetu ya kwanza ilikuwa programu ya oda kwa wauzaji wa jumla wa Kariakoo. Mwenye duka la rejareja Mbagala au Tandika anaagiza mchele, sabuni na mafuta kwa simu, mzigo unapelekwa kwa kirikuu, naye mara nyingi analipa baadaye, kidogo kidogo. Tulikuwa wawili. Tukachagua MongoDB, hifadhidata ya nyaraka, kwa sababu oda ilionekana kuwa waraka uliokamilika: jina la mteja, bidhaa, bei na malipo, vyote ndani ya kifurushi kimoja. Ukikifungua, umepata kila kitu kwa ombi moja.

Kwa skrini ya kuonyesha oda, uamuzi ule ulikuwa sahihi. Shida ilianza pale mwenye duka la jumla alipouliza swali ambalo kila mwenye duka la jumla huuliza: namdai nani, kiasi gani, tangu lini?

Chukua mteja mmoja. Ana oda tatu ambazo hajazilipa: ya shilingi 45,000, ya 80,000 na ya 62,000. Jumla 187,000. Jumamosi jioni anatuma 100,000 kwa simu, bila kutaja oda yoyote, maana kichwani mwake analo deni moja tu. Kwa desturi ya biashara ile, deni la zamani hulipwa kwanza. Kwa hiyo 45,000 zinamaliza oda ya kwanza, 55,000 zilizobaki zinaingia oda ya pili na kuacha 25,000, na ya tatu haiguswi. Anabaki anadaiwa 87,000.

Sasa laki ile iandikwe ndani ya waraka upi? Haina mwenyewe mmoja. Sisi tuliikata vipande viwili na kuweka kila kipande ndani ya oda yake. Waraka mmoja wa MongoDB huandikwa wote au hauandikwi kabisa, na hilo ni kweli daima. Lakini nyaraka mbili zilizoandikwa kwa amri mbili hazina ahadi hiyo. Siku moja seva yetu ilizimika kati ya amri ya kwanza na ya pili. Oda ya kwanza ikaonyesha imelipwa, ya pili ikabaki vilevile, na 55,000 za mteja hazikuonekana popote. Alipopigiwa simu kukumbushwa deni alilokwisha kulipa, alikasirika, na alikuwa na haki.

Kwa haki, MongoDB inao muamala, yaani amri kadhaa zinazofanikiwa zote au zinafutwa zote, unaogusa nyaraka nyingi kwa pamoja tangu toleo la 4.0 la mwaka 2018. Unahitaji seva iwashwe kama kundi la nakala, hata kama kundi lenyewe ni seva moja. Sisi hatukuiwasha hivyo. Kosa ni letu. Ila muamala huo wa hifadhidata usingetutibu sehemu ya pili ya ugonjwa. Mteja akituma pesa kimakosa na muamala wa simu ukarudishwa, tulilazimika kupekua oda zote kutafuta vipande vya malipo yale. Na ukitaka orodha ya malipo ya leo, unaijenga upya kutoka kwenye vipande. Malipo yalikuwa kitu kamili katika biashara, lakini kwenye data yetu hayakuwa na makazi yake.

Tuliyatengea malipo waraka wao na kuweka ndani yake namba za oda. Tukajikuta tunaandika kwa mkono, ndani ya msimbo wa programu, kazi ya kuunganisha na kukagua ambayo hifadhidata ya uhusiano, ile inayopanga data katika majedwali yanayorejeleana, huifanya yenyewe. Hapo ndipo tukahamia PostgreSQL, hifadhidata ya aina hiyo. Kiini cha mpangilio mpya ni jedwali dogo linalokaa kati ya malipo na oda:

```sql
CREATE TABLE mgao (
  malipo_id bigint NOT NULL REFERENCES malipo(id),
  oda_id    bigint NOT NULL REFERENCES oda(id),
  kiasi     bigint NOT NULL CHECK (kiasi > 0),
  PRIMARY KEY (malipo_id, oda_id)
);
```

Laki moja inaandikwa mara moja kwenye `malipo`, na mistari miwili inaingia `mgao`: 45,000 na 55,000. Deni la oda ni thamani yake ukitoa jumla ya mgao wake. Hatuhifadhi salio popote, kwa hiyo hakuna salio la kupishana na ukweli.

Kuna mtego ambao jedwali hili haliuzibi. `CHECK` huangalia mstari mmoja tu. Haijui kama mgao wote wa oda umezidi thamani ya oda. Malipo mawili ya mteja mmoja yakifika sekunde ileile, yote mawili yanaweza kuona oda ya pili bado inadaiwa 80,000 na kuijaza kupita kiasi. Kwa hiyo tunaufunga kwanza mstari wa mteja kwenye jedwali, kisha ndipo tunasoma madeni yake:

```sql
BEGIN;
SELECT id FROM wateja WHERE id = 17 FOR UPDATE;
-- soma madeni, gawa, andika malipo na mgao
COMMIT;
```

Malipo ya pili yanasubiri hapo kwenye mstari wa `SELECT` hadi ya kwanza yamalizike.

Watu hunijibu kwamba bidhaa ya kwanza hubadilika kila wiki, na nyaraka hazikubani na umbo. Nasi tuliamini hivyo. Baada ya miezi minne tulikuwa na oda ambazo `bei` ni namba, nyingine `bei` ni maneno "45,000" yenye koma, na nyingine zina `bei_ya_jumla`. Umbo halikutoweka, lilihamia kwenye msimbo wa ripoti, likiwa limetawanyika. Kwenye PostgreSQL kuongeza safuwima isiyolazimishwa kujazwa ni amri moja, nayo haiandiki upya jedwali zima. Na kwa oda mia chache kwa siku, seva moja ndogo inatosha. Suala la kugawa data kwenye seva nyingi halikutuhusu.

Nyaraka zina mahali pake hata hivyo. Sifa za bidhaa hutofautiana: sabuni ina uzito, kitenge kina jora, betri ina volti. Hizo tunaziweka kwenye safuwima ya aina ya `jsonb`, inayobeba waraka ndani ya jedwali na iliyokuwemo PostgreSQL tangu toleo la 9.4 la 2014. Ujumbe unaotoka kampuni ya malipo ya simu nao tunauhifadhi ulivyo katika `jsonb`, ili ukitokea ubishi tuone kilichofika. Na ungekuwa unajenga programu ya fomu za utafiti, ambapo kila taasisi inabuni maswali yake na kila fomu inasomwa nzima, ningekuambia uanze na nyaraka bila wasiwasi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza achague ipi, namwomba aandike kwenye karatasi maswali matano ambayo mteja anayelipa atauliza wiki ya kwanza, kisha atafute kitu chenye wenyewe wawili: malipo ya oda kadhaa, mwanafunzi wa kozi kadhaa, dereva wa safari kadhaa za wateja tofauti. Akikipata kimoja, na kinahusu pesa, aanze na majedwali.

Kuhama kulituchukua wiki tatu, nyingi zikiwa za usafi. Wateja walewale walikuwa wameandikwa mara mbili, namba moja ya simu ikianza na sifuri na nyingine ikianza na 255, na PostgreSQL ilizikataa mara tulipoziweka katika umbo moja chini ya `UNIQUE`, sharti linalokataza kurudia. Malipo kumi na moja hayakulingana na oda yoyote. Tukakaa na mwenye duka la jumla siku nzima ya Jumapili, tukayatafuta moja baada ya jingine katika daftari lake la madeni, ambamo kila malipo yalikuwa na mstari wake.