Prompti za video kwa mgahawa mdogo: klipu ngapi, marekebisho mangapi, bei gani

*Wakuu, kuna mama ana mgahawa hapa Area D anataka nimwandikie prompti za video za akili mnemba na nimtolee klipu za kuposti status na Insta. Nimchaji vipi, klipu ngapi, arekebishe mara ngapi, na nimkabidhi baada ya siku ngapi? Msaada.*

Mkuu, kabla ya bei kwanza hesabu shoti. Mteja wa mgahawa atakwambia "nataka video ya nusu dakika" na yeye anaona hiyo ni video moja, ila zana nyingi zinatoa sekunde 5 mpaka 10 kwa mara moja, na kwenye klipu ya sekunde 8, zinazofaa ni kama sekunde 3 au 4 tu maana mwishoni kijiko kinaanza kuyeyuka au sahani inabadilika rangi. Kwa hiyo nusu dakika iliyochangamka ni shoti 8 mpaka 10, na kila shoti ina prompti yake. Ukichaji "video moja" umeliwa. Mimi nachaji kwa klipu, klipu moja ni shoti moja ni prompti moja, na naliandika hivyo kwenye meseji anayoikubali kabla sijagusa chochote.

Nikupe kazi moja ya mgahawa mdogo upande wa Makulu, wateja wake wengi wanafunzi na watu wa maofisini. Alianza kwa kutaka video 10. Nikamuuliza anauza nini zaidi na saa ngapi panakuwa patupu, ikaonekana chipsi kuku haihitaji tangazo, inajiuza yenyewe, shida yake ni asubuhi na Ijumaa. Tukabaki na klipu 6: chai na chapati asubuhi, supu, pilau ya Ijumaa, nyama choma na ndizi, juisi ya zabibu, na moja ya mlangoni watu wakiingia. Sita zinamtosha kuposti wiki tatu, mbili kwa wiki, halafu anaona kama simu zinaongezeka ndo anaagiza nyingine. Kumuuzia 10 kwa mara ya kwanza ni kumchosha yeye na kujichosha wewe.

Sasa chakula. Usiache zana ibuni chakula chetu kutoka kwenye maneno matupu. Ugali unatoka kama viazi vya kuponda, nyama choma inatoka na mistari ya jiko la kizungu, na mlenda ndo usiseme kabisa. Na hata ikitoka nzuri, mteja anakuja anakuta sahani tofauti, hapo mwenye mgahawa anatukanwa yeye. Kwa hiyo picha halisi ya sahani yake ndo inakuwa mwanzo wa klipu, imepigwa kwa simu asubuhi karibu na dirisha, lenzi imefutwa, flashi imezimwa. Prompti inaelezea mwendo tu: mvuke unapanda taratibu, kamera inasogea kidogo kuelekea sahani, mkono hauonekani. Ukianza tena kueleza sahani ina nini, zana inakichora chakula upya na pilau yake inakuwa pilau ya mtu mwingine. Klipu ya mlangoni ndo unaweza kubuni zaidi, maana hapo hauuzi sahani.

Kwenye marekebisho ndo watu wengi wanafilisika. Neno "marekebisho" lieleze kabisa. Kwangu rekebisho ni kubadilisha kitu ndani ya wazo lile lile, mfano mwendo upungue, mwanga uwe wa jioni, kamera itokee juu. Akitaka supu iwe mtori, hiyo ni klipu mpya. Na kosa la mashine, vidole sita au kikombe kinachoelea, halihesabiki kwake, hilo nalibeba mimi na nilishaliweka kwenye bei. Natoa raundi mbili kwa kila klipu, na raundi ni meseji moja iliyoandikwa kutoka kwa mtu mmoja. Nakazia hapo kwenye mtu mmoja kwa sababu bila hivyo utapata voisi ya mama, halafu ya mume wake, halafu ya binti wa kaunta, kila mmoja anataka lake na wote wanahesabu kama raundi ile ile ya kwanza. Raundi ya tatu nachaji 5,000 kwa klipu, na ukishaitaja hiyo 5,000 mapema utashangaa klipu zinavyopendwa raundi ya pili.

Bei ya hiyo kazi niliipiga hivi. Kila klipu nilipanga dakika 45 za kuandika na kujaribu, na nusu saa ya marekebisho, jumla saa moja na robo, mara 6 ni saa saba na nusu. Ongeza saa 2 za kwenda kuongea na kusimamia picha, na saa 1 ya kupanga mafaili, inakuwa saa kumi na nusu. Saa yangu naihesabu 10,000, kwa hiyo 105,000. Halafu krediti: klipu moja ipangie majaribio 4, pamoja na 2 ya marekebisho, ni 6, mara klipu 6 ni majaribio 36. Chukua bei ya kifurushi chako ugawanye kwa klipu kinazotoa. Ukipata mfano 1,000 kwa jaribio, hiyo ni 36,000. Jumla 141,000, weka asilimia 15 ya bando na dharura, inafika kama 162,000, nikamwambia 165,000. Klipu ya ziada ni 22,000. Saa yako wewe inaweza kuwa 6,000 au 15,000, badilisha hapo tu, ila krediti usizipunguze kwa kumwonea mtu huruma maana hizo unalipa wewe kwanza.

Kianzio nachukua 100,000, iliyobaki kabla ya klipu safi. Za kuangalia namtumia zenye alama katikati, sio kwamba simwamini, ila klipu ikishafika status kudai hela kunakuwa kugumu.

Siku naanza kuhesabu pale picha na kianzio vyote vimefika, sio siku tuliyoongea. Siku 5 za kazi: mbili za kwanza orodha ya shoti na kuchagua picha, mbili za kutengeneza, ya tano anapata za kuangalia. Ana saa 48 za kujibu, akikaa kimya nahesabu amekubali. Baada ya maoni yake raundi inachukua siku moja. Kwa hiyo mwambie wiki moja na nusu, usimwambie siku 5 halafu ukaanza kujitetea umeme ulikatika.

Bei za vyakula na namba ya simu usiziweke ndani ya prompti, herufi zinaharibika, unaandika baadaye kwenye CapCut. Kabidhi wima, 9:16, na kwa WhatsApp tuma kama dokyumenti, ukituma kama video ya kawaida inabanwa na mama atakwambia umempa klipu zenye ukungu.

Kama anataka prompti peke yake ili kijana wake atengeneze mwenyewe, chaji saa zako na krediti za kujaribu tu, lakini andika kwamba zimejaribiwa kwenye zana fulani na toleo fulani, na umpe klipu moja ya mfano kwa kila prompti. Prompti ile ile ukiibonyeza mara mbili inatoa vitu viwili tofauti, kwa hiyo matokeo ya kwake huwezi kuyadhamini, na marekebisho hapo yanakuwa ya maandishi tu, raundi moja.