Maji ya kisima cha Bagamoyo na madumu ya lita 20

"Nina kisima Bagamoyo, maji yana chumvi kidogo. Nataka kuuza maji ya kunywa kwa madumu ya lita 20. Ninunue mashine gani?"

Kaka, anza maabara. Visima vya pwani hubadilika: kiangazi, pampu ikivuta sana, maji ya bahari hupenya na chumvi hupanda. Chukua sampuli mwisho wa kiangazi, baada ya kupampu saa kadhaa. Chumvi haitolewi na chujio la mchanga, kaboni wala taa ya UV. Inahitaji mashine ya RO, inayosukuma maji kwa nguvu kupitia utando unaozuia chumvi. Nayo hutupa maji: ukiingiza lita 1,000 ukapata 500, zile 500 nyingine zina chumvi maradufu, zisimwagwe karibu na kisima.

Ila mimi, huku Tanga, niliangushwa na madumu. Mita ya TDS ilisoma 40, nikaridhika, kumbe inapima chumvi, haioni vijidudu. Wateja wakalalamikia harufu. Tukapima sehemu tatu: baada ya taa ya UV, kwenye tangi, na ndani ya dumu lililojazwa. Mbili za kwanza safi. Kwenye dumu kulikuwa na vijidudu vya koliform, wakati vinatakiwa 0 kwa mililita 100. Ukipitisha kidole ndani ya shingo ya dumu ulikuta utelezi.

Sasa kila dumu linalorudi linanuswa kwanza. Lenye harufu ya mafuta ya taa tunalikataa, mengine yanasuguliwa kwa brashi na sabuni, yanatiwa klorini, yanasuuzwa kwa maji ya RO. Kwenye bajaji yafunike turubai, jua huamsha ukijani. Na usiuze hata dumu moja kabla ya kupata leseni ya TBS.