Serikalini, misheni au binafsi: vituo vitatu nilivyofanyia kazi kama tabibu

Jumapili iliyopita kijana mmoja aliyemaliza stashahada ya utabibu mwaka jana aliniandikia: "Shikamoo dokta. Nimepata sehemu mbili, kliniki ya mtu binafsi Dar wananipa laki saba, na hospitali ya misheni mkoani laki tano na nusu. Ajira za serikali bado nasubiri. Niende wapi?" Nilimjibu kwa kifupi, kisha usingizi ukanikataa. Swali lile nililiuliza mimi mwenyewe mwaka 2019, na jibu nililojipa lilinigharimu.

Mimi nilichagua laki saba. Ilikuwa kliniki pembezoni mwa Dar, vyumba vitano, maabara ndogo na duka la dawa kwa mbele. Mkataba wa maandishi haukuwepo. Mwenye kliniki aliniambia tutaandikiana "tukishazoeana". Wagonjwa hawakuwa wengi, ishirini hadi thelathini kwa siku, na mwili haukuchoka. Nilichoka kwa namna nyingine.

Jioni bosi alikuwa anafungua daftari la maabara na kuhesabu vipimo kwa jina la kila tabibu. Siku moja nilimwona mtoto wa miaka mitatu, homa ya tangu jana yake, mafua yanachuruzika, kifua safi, anacheza na stetoskopu yangu. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu. Nikampa mama dawa ya homa, nikamweleza dalili za hatari za kumrudisha nazo, nikamruhusu. Jioni nikaitwa: "Mbona huyu hukumpima taifodi na mkojo?" Mama yule alikuja na shilingi 10,000 mkononi. Na kipimo cha taifodi, yaani Widali, kinatafuta kinga ambazo mwili huchukua siku kadhaa kuzitengeneza, tena kinaweza kusoma vibaya kwa mtu aliyewahi kuugua zamani au mwenye ugonjwa mwingine. Kwa homa ya siku moja hakiniambii lolote. Nilijua hivyo, lakini mwezi uliofuata nilianza kuandika Widali. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko hata fedha.

Na fedha zenyewe ni hizi. Kila mwezi nilikatwa 70,000 ya NSSF, nikabaki na 630,000. Kisheria mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Nusu nyingine anaitoa yeye. Kwa miezi minane nilitakiwa kuwa na 1,120,000 kwenye akaunti yangu. Nilipoomba taarifa ya michango nikakuta sifuri. Nilimfuata bosi, akasema atashughulikia. Hajashughulikia.

Ndugu yangu, usiulize unakatwa kiasi gani. Uliza namba yako ya uanachama, na mwezi wa tatu nenda mwenyewe ukaangalie kama fedha imefika. Ukiambiwa subiri, jua umeshaanza kuibiwa.

Nikaondoka kwenda hospitali ya misheni Nyanda za Juu Kusini. Mshahara 520,000, baada ya NSSF na kodi nilibaki na kama 450,000, na nyumba ya bure ndani ya uzio wa hospitali. Kwa mtu aliyekuwa analipa kodi ya chumba na nauli za daladala Dar, tofauti na ile 630,000 ilikuwa ndogo kuliko nilivyoiogopa. Tatizo la kule ni kwamba mishahara hutegemea makusanyo na madai ya bima. Madai yakichelewa, na ninyi mnachelewa. Tulishakaa miezi miwili bila kitu, tukala viazi vya bustani ya masista.

Kazi ilikuwa nzito: asubuhi raundi wodini, mchana wagonjwa wa nje, na zamu ya usiku mara mbili kwa wiki. Lakini kule ndiko nilikofundishwa. Kulikuwa na daktari mzee ambaye hakukubali umsomee faili kabla hujaweka mkono kwenye tumbo la mgonjwa. Alikuwa na amri moja: mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa mwenye maumivu ya tumbo apimwe mimba kabla hujataja UTI wala vidonda vya tumbo. Wiki ya kwanza niliiona amri hiyo ni usumbufu.

Julai 2021 nikapata ajira ya serikali, nikapangiwa kituo cha afya kijijini, umbali wa saa mbili kwa gari kutoka hospitali ya wilaya. Mwezi wa pili akaja dada wa miaka 24, anashika tumbo upande wa chini, amezimia mara moja nyumbani. Alisema hedhi yake ni ya kawaida. Mapigo 124, presha 80 kwa 50, kope nyeupe. Nikampima mimba, ipo. Nikajua ni mimba iliyotunga nje ya kizazi na imeshapasuka. Dripu mbili kwa sindano kubwa, simu kwa hospitali ya wilaya waandae damu na chumba cha upasuaji, kisha nikapanda naye kwenye gari la wagonjwa. Alipona. Kwenye ile kliniki ya Dar ningemwandikia mkojo na Widali kwanza.

Serikalini mshahara wangu wa kwanza ulikuwa 680,000. Kata pensheni ya PSSSF 34,000, bima ya NHIF 20,400, kodi 45,200, ada ya chama cha wafanyakazi TUGHE 13,600, zinabaki 566,800. Ni pungufu ya nilizopokea kliniki, na wagonjwa walikuwa sitini hadi themanini kwa siku, vitabu vya MTUHA vya takwimu za wagonjwa vya kujaza jioni, na dawa zinazokwisha katikati ya mwezi. Posho zangu za zamu za mwaka ule nyingine sijalipwa hadi leo.

Ila hapa ndipo vijana wengi hamtazami mbali. Baada ya mwaka mmoja wa majaribio nilithibitishwa kazini. Nikaandika barua jina langu liingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, kwa sababu mwajiri asipokuwa na jina lako humo, ruhusa ya masomo inakuwa ngumu. GPA yangu ilikuwa imevuka 3.0 inayotakiwa kuomba shahada ya udaktari kwa njia ya stashahada. Mwaka 2024 nikaingia chuo, kwa ruhusa, mshahara ukiendelea. Hesabu hata kwa kiwango kile cha kuanzia: 566,800 mara miezi sitini ya masomo ni zaidi ya milioni 34. Hiyo ndiyo nyongeza ambayo kliniki ya laki saba haikupi, maana kule ukitaka kusoma unaacha kazi. Misheni wengine hukusomesha, lakini soma mkataba uone unarudi kutumikia miaka mingapi.

Na msijidanganye kwamba ukishapata cheki namba ya mtumishi wa serikali umemaliza. Nimeacha wenzangu kituoni, wana miaka minane kazini, hawajawahi kuandika barua hata moja ya kuomba kusoma, halafu wanalalamika wamesahauliwa. Umesahauliwa vipi na hujajitaja?

Kwa hiyo mdogo wangu, nenda misheni, na endelea kuomba ajira za serikali ukiwa huko huko. Kabla ya kusaini waulize mambo mawili: mshahara wa mwezi uliopita umelipwa tarehe ngapi, na raundi ya wodini inaongozwa na nani. La kwanza usimuulize katibu wa hospitali. Muulize nesi wa zamu ya usiku.