Nafasi ya mhasibu imetangazwa kwenye kundi: jibu fupi, swali moja

Chukulia tangazo la aina hii, ambalo kwenye makundi ya wahasibu wa Dar es Salaam hupita karibu kila wiki: "Habari wakuu. Kampuni ya usafirishaji inahitaji mhasibu mmoja. Awe na digrii ya uhasibu, uzoefu usiopungua miaka 2, ajue Tally. CPA ni sifa ya ziada. Malori yanaenda Zambia na Kongo. CV kwa barua pepe hii, mwisho Ijumaa."

Majibu yake mnayajua. "Nipo." "Nahitaji mkuu." "Nicheki." Vidole gumba vinafuata. Mwingine anauliza mshahara, mwingine anauliza kama nafasi bado ipo wakati tangazo halijamaliza hata saa moja. Halafu anatokea mmoja anayemwaga CV yake yote hapohapo, yenye tarehe ya kuzaliwa na namba ya NIDA, mbele ya mamia ya watu asiowajua.

Nimekuwa nikitangaza nafasi za namna hii kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nizungumze nikiwa upande wa anayesoma. Anayesema "nipo" hajaniambia kitu. Ili nijue ni nani, lazima mimi ndiye nimfuate, nimuulize amesoma nini na anafanya kazi wapi, na watu kama yeye wamejaa. Sitamfuata. Si dharau, ni kwamba siku hiyohiyo nina ritani ya VAT inayosubiri tarehe 20. Ninayemkumbuka Ijumaa jioni nikifungua barua pepe ni yule aliyeniachia mistari minne na swali lililonifanya nijibu.

Kabla hujaandika hiyo mistari, angalia tangazo limetoka wapi. Kama WhatsApp inaonyesha kwamba ujumbe umesambazwa tu, aliyeuleta pengine hajui hata ofisi iko mtaa gani. Kumuuliza swali la kazi ni kumtesa bure. Tuma barua pepe, kwenye kundi sema ahsante, basi. Na ukiambiwa utume hela ya fomu au ya "kufungua faili", funga hapo. Hapa nazungumzia tangazo lililoandikwa na mwajiri mwenyewe au mtu wa ndani ya kampuni, anayesema "tunahitaji" na akiulizwa anajibu.

Jambo jingine la kupima ni kama bosi wako wa sasa yumo kundini. Wahasibu wa mji mmoja tunajuana sana, na mkaguzi wa nje wa kampuni yako naye huwa yumo. Kama hujataka habari ijulikane, maneno yaleyale yapeleke kwa faragha, tena bila kuona haya.

Sasa jibu lenyewe. Kwa tangazo lile, mimi ningependa kuona kitu cha namna hii:

"Habari za mchana mkuu. Naomba kuonyesha nia kwenye nafasi ya mhasibu wa kampuni ya usafirishaji. Nina digrii ya uhasibu, na huu ni mwaka wa tatu nashika vitabu vya kampuni ya kusambaza vinywaji hapa Dar: usuluhishi wa benki, ritani za VAT na PAYE, madeni ya wateja, yote kwenye Tally. CPA nimebakiza masomo mawili ya ngazi ya mwisho. CV nimeituma leo kwenye barua pepe uliyoweka. Swali moja: pesa za safari za madereva zitakuwa mikononi mwa mhasibu huyu, au yupo keshia? Ahsante."

Limejibiwa juu ya ujumbe wenyewe, ile sehemu ya Jibu, ili likisukumwa na meseji nyingine hamsini bado lijulikane linahusu nini. Salamu ni ya kawaida. Shikamoo iweke kwa mtu unayejua umri wake, au ibakie siku atakapokupigia simu. Wenzetu wengi huitana "CPA" badala ya jina, na ni heshima nzuri kwa mtu uliye na hakika naye, lakini kumpachika mtu asiyesajiliwa na NBAA kunamfanya ajisikie vibaya mbele za watu. "Mkuu" haimkosei mtu. "Bosi" subiri mpaka awe bosi.

Sentensi ya uzoefu imetaja kazi, haikutaja sifa. Hakuna "mchapakazi" wala "nafanya kazi chini ya shinikizo". Anayeandika usuluhishi wa benki na ritani amenionyesha kwamba tarehe 7 ya kila mwezi, siku ya mwisho ya PAYE, anaijua kwa kuiishi. Kuhusu CPA, sema ulipofika kama palivyo. Kufaulu mitihani ni jambo moja na kusajiliwa ni jingine, na aliyebakiza masomo mawili akiandika "CPA" bila maelezo atagundulika siku ya vyeti. Mitihani ni Mei na Novemba, kwa hiyo ukisema umebakiza mawili, msomaji anajipigia hesabu mwenyewe kwamba huenda utaomba ruhusa mwezi gani.

Swali ndilo lenye uzito, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Lile la pesa za safari halikutoka hewani. Lori linaloondoka Dar kwenda Lubumbashi linapita Tunduma, linakatiza Zambia, na dereva anaondoka na fedha ya njiani: mafuta ya kuongeza, ushuru wa barabara, maegesho, posho yake. Akirudi anarejesha masurufu kwa risiti, nyingine za shilingi, nyingine za kwacha, nyingine za dola, na baadhi hazisomeki. Kwenye kampuni ya malori mhasibu anaumwa kichwa hapo kuliko kwenye mauzo. Anayehesabu na kutoa fedha hatakiwi awe huyohuyo anayeiandika kwenye vitabu na kuhakiki marejesho, maana akikosea, au akiiba, hakuna jicho la pili la kuona. Kampuni kubwa zinatenganisha. Ndogo nyingi zinamwachia mtu mmoja kwa sababu ya gharama. Tangazo halikusema wao wako upande gani.

Kwa hiyo swali hilo halikujibiwa tayari na tangazo, linajibika kwa mstari mmoja, halimwaibishi mwenye kampuni, na jibu lake linabadilisha utakachofanya. Ninapolisoma najua pia kwamba huyu ameona neno "malori" akalifikiria, jambo ambalo hakuna cheti kinachoweza kunionyesha.

Lilinganishe na maswali mengine mazuri ambayo kwenye kundi yanaharibu. "Vitabu vimefungwa hadi mwezi gani?" ni swali la mhasibu aliyekomaa. Kama hesabu za Desemba bado hazijakaguliwa na wewe unaingia Mei, ujue ritani ya mwaka ya TRA ya tarehe 30 Juni itakukuta mezani. Lakini ukiliuliza hadharani unamtaka mtu atangaze kwa washindani na wakaguzi kwamba kampuni yake ina viporo. Hatajibu, na atakuona huna siri. Lihifadhi kwa usaili, huko litakupandisha.

Mshahara nao. Sisemi usiulize, kila mtu anafanya kazi ili alipwe, na sisi tunaotangaza bila kutaja hata kiwango tuna lawama yetu. Ila kwenye kundi wamo wafanyakazi wa kampuni hiyohiyo wanaolipwa tofauti, na mara nyingi aliyeweka tangazo si mwenye kupanga. Utapata "maelewano" na hutakuwa umejua chochote. Uliza kwa faragha baada ya kuitwa, kabla hujalipa nauli ya kwenda usaili kama unatoka mkoani.

"Wanaoanza wanaruhusiwa?" halifai hapa, kwa sababu tangazo limesema miaka 2. Kama una mwaka mmoja na nusu, usiombe ruhusa, taja huo mwaka na nusu na ulichofanya ndani yake, mwache mwenyewe aamue.

Tuseme sasa nimejibu: "Yupo keshia. Mhasibu atahakiki marejesho na kuingiza." Andika "Ahsante mkuu, nimeelewa" na uishie hapo kundini. Usifungue mazungumzo ya pili mbele za watu. Rudi kwenye barua pepe. Kama hukuwa umetuma, ongeza mistari miwili inayohusu uhakiki: jinsi unavyolinganisha risiti na safari, unavyokagua risiti ya EFD kama ina TIN ya kampuni, unavyobana masurufu yasiyorejeshwa kwa wakati. Kama ulishatuma, jibu juu ya barua yako ileile kwa mistari hiyohiyo, usitume CV mpya yenye jina la faili "mpya2".

Na nikijibu kwamba hakuna keshia, mhasibu ndiye atashika? Wengine watakuambia ukimbie. Mimi nasema inategemea. Kampuni ya malori sita haiwezi kuajiri watu wawili wa fedha, na ipo njia ya kuishi nayo: mwenye mali aidhinishe kila safari kwa sahihi kabla ya fedha kutoka, na mtu mwingine, hata karani wa usafirishaji, awe anahesabu kasha nawe kila Ijumaa na kusaini. Hilo liulize kwenye usaili, "nani ataidhinisha na nani atahesabu nami kasha?" Akijibu kwamba wanaaminiana tu, hapo ndipo ungefikiria upya, kwa sababu siku kasha likipungua atakayeulizwa ni wewe peke yako. Tarajia pia kuombwa wadhamini, kwa hiyo anza kuongea nao mapema.

Inawezekana usijibiwe kabisa. Hutokea sana, hasa tangazo likiwekwa asubuhi na mwenye nalo akaingia kwenye kikao. Usiliulize tena kundini, na usimpigie usiku. Siku ya mwisho ya kupokea maombi ikipita, baada ya siku chache mtumie ujumbe mmoja wa faragha ukitaja tarehe uliyotuma CV na jina lililo kwenye barua pepe yako, maana mara nyingine inakuwa imeingia kwenye kapu la taka na hajaiona.