Kwa nini sura hupendeza zaidi kwenye picha ya pamoja

"Wakuu, kwenye picha na wapambe wenzangu natoka vizuri sana. Nikijikata nibaki peke yangu, mvuto umepungua. Tatizo ni simu au macho ya watu?"

Dada, macho yamo, ila mchango wao ni mdogo kuliko unavyodhani. Napiga picha za harusi hapa Tanga na swali hili naletewa mara kwa mara.

Walker na Vul wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Walichukua picha za makundi, wakakata sura moja moja, kisha wakawapa watu wazipime kwa mvuto. Sura ileile, kutoka picha ileile, ilipata alama za juu kidogo ilipoonekana pamoja na wenzake. Maelezo yao ni kwamba ubongo ukiona kundi hutengeneza wastani wa sura zote, halafu kila mmoja anaonekana amevutwa kidogo kuelekea wastani huo. Na sura ya wastani hupendeza, kwa kuwa kasoro za huyu na yule zinafutana. Watafiti wengine waliolirudia suala hili hadi 2019 waliona ongezeko lipo, lakini maelezo ya wastani hayakupata ushahidi wa kutosha. Kwa hiyo chanzo chake bado kinabishaniwa. Ongezeko lenyewe ni dogo: kwenye mizani ya 0 hadi 100 ni kama pointi moja au mbili.

Ndiyo maana ukiona tofauti kubwa, tafuta sababu nyingine. Kuna mpambe niliyempiga na wenzake ufukweni Raskazone, akaja kulalamika kwamba kwenye selfi hafanani na yule wa harusini. Nikaziweka picha mbili pamoja kwenye kioo cha kompyuta. Ile ya ufukweni nilisimama mita kadhaa nyuma ili wote waenee. Selfi aliipiga kwa urefu wa mkono. Kwa umbali huo mfupi pua iko karibu mno na lenzi kuliko masikio, basi inavimba na masikio yanarudi nyuma. Hilo halihusiani kabisa na kundi.

Wewe umekata picha ileile, kwa hiyo umbali haubadiliki. Angalia kitu kimoja: ulipoikata, uliikuza ijaze kioo? Sura iliyochukua sehemu ndogo ya picha ikikuzwa hupoteza makali, ngozi inaota chembechembe. Irudishe kwenye ukubwa uleule iliokuwa nao ndani ya kundi, kisha mwonyeshe mtu mmoja ile iliyokatwa na mwingine ile ya kundi. Usimwonyeshe mtu mmoja zote mbili, maana ya kwanza itaathiri jibu la pili. Na uwaulize watu wengi. Kwa tofauti ndogo hivi, majibu ya wawili watatu hayakuambii kitu.

Kama unataka picha ya profaili, mwombe mtu akupige peke yako akiwa amesimama mita mbili hivi, kisha akuzume kidogo badala ya kukusogelea.