Si kila cheupe kwenye jani ni nzi weupe

Ukianza kazi ya kupokea picha za wakulima hapa Arusha, ujumbe utakaoukuta karibu kila siku ni huu: "Shikamoo mtaalamu, nina nzi weupe, nipige dawa gani?" Itikia salamu, dawa iache kwanza. Vidukari, vidugamba, vidung'ata na nzi weupe, wote wana kitu cheupe wanachoweza kukiacha kwenye jani, na mkulima akiona weupe tu anakuwa ameshamaliza.

Chukua picha ya pilipili hoho iliyotoka Usa River. Jani linang'aa, limetapakaa vitu vidogo vyeupe, mkulima ana hakika ni nzi weupe. Kuza picha. Vile vyeupe viko upande wa juu wa jani, ilhali nzi weupe hukaa na kutaga chini. Havina mabawa, vimejikunja, na baadhi vina miguu myembamba iliyokauka. Hayo ni maganda. Kidukari hujivua ngozi mara kadhaa kabla hajakomaa, na ngozi huanguka kwenye jani lililo chini yake, pamoja na ule utomvu mtamu unaonata na kung'aa. Kwa hiyo jani lililopigwa picha siyo lenye wadudu. Nilimwomba mama yule apige jani la juu yake, kwa chini, na la kileleni. Wakaonekana: wa kijani, wamejazana kwenye chipukizi, kila mmoja na vijibomba viwili nyuma ya mgongo kama ekzozi za pikipiki. Ukiviona hivyo viwili, hakuna ubishi tena.

Picha yenyewe ina namna yake. Simu nyingi ukizisogeza karibu mno zinatia ukungu. Mwambie arudi nyuma kidogo, akuze mara mbili, aguse skrini pale penye mdudu, asubiri itulie ndipo apige. Flashi aizime, maana inaunguza weupe wote na nta haionekani. Kivuli chenye mwanga, chini ya mgomba kwa mfano, kinatosha. Na rula ya shule iwekwe pembeni, kwa kuwa bila rula milimita 1 na milimita 3 kwenye skrini zinalingana kabisa.

Sasa penye ugumu kweli: mtoto wa nzi weupe na kidugamba. Wote ni bapa, wamebandikwa jani kwa chini, hawatikisiki. Mkulima akitikisa tawi na vinyunyu vyeupe vikaruka, hao ni nzi weupe waliokomaa, na yale mapele mengi kwenye jani huenda ni watoto wao. Mtoto wa nzi hafiki milimita 1, ni wa manjano hafifu au anapitisha mwanga, na akikaribia kukomaa utaona vidoa viwili vyekundu vya macho. Akishatoka anaacha ganda tupu lenye mpasuko wa umbo la T mgongoni. Ganda hilo moja linatosha kumtambua.

Kwenye kahawa za Kibosho na Machame, vitu bapa vya kijani vilivyojipanga kando ya mshipa mkuu wa jani mara nyingi ni vidugamba vya kijani. Kidugamba huyo akikomaa ni mkubwa kuliko mtoto wa nzi, milimita 2 hadi 3, na mgongoni, ndani ya mwili, kuna mstari wa vidoa vyeusi uliojikunja. Picha ikiwa safi mstari huo hausumbui kuuona. Mwulize pia kuhusu sisimizi. Wakipanda na kushuka shina, wanafuata utamu na kuwalinda vidugamba dhidi ya wadudu wanaowala. Ukungu mweusi juu ya jani usikuhadae: unaota juu ya utamu wa kundi lolote kati ya haya manne, kwa hiyo hauamui kitu.

Kidung'ata ndiye rahisi ukimwona vizuri: amepakwa nta ya unga, ana pingili, na pembeni kuna nyuzi fupi za nta. Anatembea, taratibu. Hapo kuna mtego. Watoto wa baadhi ya wadudu kobe, wanaokula vidung'ata, nao wamevaa nta nyeupe ndefu, na mkulima akiwapulizia amewaua wanaomsaidia. Nyuzi zao ni ndefu na zimevurugika, na wanatembea kwa kasi. Picha peke yake haitakuonyesha kasi, kwa hiyo penye shaka omba video ya sekunde 10, amguse mdudu kwa mwiba wa mlimao. Kidung'ata atajivuta. Mtoto wa mdudu kobe atakimbia.