Barua ya mwisho ya kudai pesa: ondoa hasira, acha tarehe

Tangu niposti kwamba hoteli iliyokuwa ikinizungusha imenilipa hatimaye baada ya kuiandikia barua, inboksi imejaa watu wanaotaka "ile barua". Kuna kijana fundi wa mageti ameniandikia, "dada nisaidie, yangu nimeiandika mara tatu na kila nikiisoma naona kama natafuta vita." Basi nimeona niiandike hapa mara moja tu, maana najua wengi wenu mnaonisoma mna biashara na mna mtu anayewazungusha.

Stori yenyewe ni hivi. Nilishonea hoteli moja huku pwani yunifomu seti 78, kila seti 4,000, jumla 312,000. Wakanipa dipoziti 126,000, nikanunua kitambaa, nikashona na wasichana wangu usiku na mchana, tukapeleka 14 Machi 2025 na mkuu wao wa vyumba akasaini diliveri noti. Invoisi ilisema siku 30. Zikapita. Ukipiga simu mhasibu yuko mkutanoni, ukienda unaketishwa risepsheni kama mtu aliyekuja kuomba kazi, na wafanyakazi wanapita mbele yako wamevaa nguo zako wewe, yaani hapo ndipo roho iliniuma na hadi leo ikinijia bado inauma.

Usiku mmoja nikaandika barua. Ilianza hivi: "NOTISI YA MWISHO!!! Nimechoka na uongo wenu. Mmenifanya mjinga tangu mwezi wa tatu, nyinyi ni matapeli na Mungu anawaona. Msiponilipa haraka iwezekanavyo mtanijua mimi ni nani, nitawaanika Facebook mpaka wageni wawakimbie."

Kakangu amekuwa karani kwa wakili miaka mingi, nikamsomea. Akacheka kwanza (sikufurahi), halafu akaniuliza, pesa ni ngapi? Na mwisho lini? Nikaitazama ile karatasi, ukurasa mzima, hakuna kiasi wala tarehe. Yaani ukali wote ule na meneja angeweza kuisoma, akairudisha kwa bahasha, na asijue anatakiwa kufanya nini na lini. Tena akaniambia, hii ukiwatumia watakujibu kuhusu matusi, hawatakujibu kuhusu deni, na ukimwanika mtu mtandaoni unampa yeye sababu ya kukushtaki wewe.

Halafu akaniambia kitu ambacho ndicho nataka mkishike. Barua ya mwisho ina wasomaji watatu. Wa kwanza ni meneja, ambaye ndiye umemkasirikia. Wa pili ni mhasibu, ambaye ndiye anayebonyeza pesa itoke, na yeye hasira zako hazimhusu, anataka kuona nambari ya invoisi, kiasi na pa kutuma. Wa tatu ni mwamuzi wa mahakama, ambaye huenda akaisoma siku moja mkiwa mmesimama mbele yake. Ukimwandikia wa kwanza peke yake umeumia.

Basi tukaivunja sentensi moja moja. Kila nilipoanza na nyinyi, yaani mmenidanganya, mmekataa, hamjalipa, tukageuza ikawa pesa ndiyo inayozungumziwa: salio bado halijaingia. Ni deni lile lile, ila mtu hana pa kukasirikia. Na kila kitu ambacho sina karatasi yake kikatoka. Utapeli sina karatasi yake. Diliveri noti ninayo. Ikawa hivi:

"Tuliwaletea seti 78 za yunifomu tarehe 14 Machi 2025, zikapokelewa na kusainiwa (nakala ya diliveri noti na invoisi zimeambatanishwa). Bei ilikuwa 312,000, mkalipa 126,000, na tunashukuru. Salio la shilingi 186,000 lilitakiwa kufikia 13 Aprili na bado halijaingia."

Hiyo "tunashukuru" nilibishana nayo wallahi. Lakini iliachwa, na sasa naona kazi yake, anayekushukuru kwa malipo ya kwanza huwezi kumwambia ana kiburi.

Kisha tarehe:

"Naomba salio liingie kwenye till yetu kabla ya saa kumi jioni, Jumatano 18 Juni 2025. Lisipoingia, Alhamisi 19 Juni nitafungua madai kwenye Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa, na nitaomba deni, riba na gharama za kesi."

Hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Wakishaambiwa walainishe wanalainisha kila mahali, mpaka sentensi ya matokeo nayo inakuwa laini: "huenda tukalazimika kufikiria hatua nyingine". Hatua gani? Mtu akisoma huenda anajua una woga. Upole weka kwenye ombi, "naomba" ni sawa kabisa. Kwenye matokeo weka "nitafungua", basi, bila huenda na bila samahani kwa usumbufu. Na usiandike "ndani ya siku saba", watakuuliza siku saba tangu lini, tangu barua iandikwe au tangu meneja atoke likizo? Andika siku, tarehe na saa, na iwe siku ya kazi katikati ya wiki ili mhasibu awe ofisini.

Na tisho liwe ni kitu unachoweza kufanya kweli. Mimi niliitaja hiyo mahakama kwa sababu deni langu linaingia, hapa Kenya inachukua madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka hukumu itolewe ndani ya siku 60 tangu kufungua. Ukitishia polisi kwa deni la kawaida la biashara mtu anayejua sheria atacheka. Hata njia ya kulipa niliifikiria, 186,000 inaingia kwa M-Pesa mara moja kwa vile muamala mmoja unafika 250,000, kwa hiyo hakuna kisingizio cha cheki kusubiri sahihi.

Mwisho tukaacha mlango: "Kama kuna tatizo na nguo au hesabu, au mngependa kulipa kwa awamu, niandikieni kabla ya Jumatatu 16 Juni." Mkidhani hii ni kulegea hamjaelewa. Akijibu "tunajua deni, tupe muda" amekiri kwa maandishi, na kwa sheria yetu kukiri kwa maandishi na sahihi, au kulipa kidogo, kunaanzisha upya ile miaka 6 ya kudai deni la mkataba. Akinyamaza, basi amenyamaza pia kuhusu ubora wa nguo, na siku akisimama mahakamani kudai zilichanika ataulizwa mbona hakusema alipoulizwa.

Barua nikaituma kwa imeli kwa meneja na mhasibu pamoja, na nakala nikapeleka mwenyewe ikagongwa muhuri. Jumatatu ile ile mhasibu akapiga, mara ya kwanza yeye kunipigia mimi! Wangetuma 100,000 na zilizobaki mwisho wa mwezi. Nikamwambia sawa, niandikie hivyo kwenye imeli na utaje 86,000 na tarehe, na nikajibu kwamba tarehe hiyo ikipita nafungua kesi kwa salio. Sikuandika notisi ya mwisho nyingine, maana ukiandika ya pili ile ya kwanza haikuwa ya mwisho.

Zote ziliingia. Juzi wameniuliza bei ya yunifomu za jikoni, nikawaambia asilimia 70 kabla sijakata kitambaa.